Unajua kueleza Excel: uuze video fupi, ufungue darasa la onlaini, au ukodi chumba wikiendi?

Kama kazini kwako wewe ndo yule anayeitwa "hebu njoo uniangalizie hii Excel mara moja", na ukishamweleza mtu anakwambia sasa nimeelewa wakati wiki nzima alikuwa anahangaika nayo, basi lazima kuna siku umejiuliza mbona hii kazi naifanya bure. Kuamua kulipwa sio shida. Shida inakuja hapo baada, kwamba nirekodi video fupi fupi niziuze, nifungue darasa la laivu onlaini, au nitafute chumba nifundishe watu ana kwa ana siku za Jumamosi? Nimeona watu wakipata hela kwa njia zote tatu, na nimeona walimu wazuri kabisa wakikata tamaa kwenye zote tatu, sababu njia waliyochagua haikuendana na hali waliyokuwa nayo.

Nitatumia Excel kama mfano, tena Excel ya dukani na ofisini, sio ile ya wachambuzi wa benki. Tuseme wewe ni mhasibu Dar, una laptopu na simu nzuri kiasi, unataka kuwafundisha makarani, wasimamizi wa maduka ya vifaa vya ujenzi na akina mama wenye maduka ya jumla watoke kwenye daftari la mauzo wafike kwenye ripoti ya mwezi. Hayo ni masomo sita tu: kupanga jedwali la mauzo, kuandika tarehe na namba vizuri, kuchuja na kujumlisha, SUMIFS, kuvuta bei kwa VLOOKUP, na ripoti ya mwezi kwa PivotTable. Masomo ni hayo hayo, kinachobadilika ni unavyoyauza.

Tunapima kwa vitu gani

Naangalia vitu vinne. Kazi unayofanya kabla shilingi ya kwanza haijaingia. Unachobaki nacho ukigawa pesa kwa saa zako zote, sio zile za kufundisha peke yake. Mwanafunzi akikwama, nani anaona amekwama wapi. Na mwisho malipo, pamoja na somo kuvuja. Watu huwa wanaongeza logo, jina la chaneli, kamera, taa za duara, lakini mwanafunzi wa Excel anataka vitu viwili tu, aone maandishi ya kwenye seli na asikie sauti yako bila kelele.

Kazi kabla ya hela

Video fupi ndo zinakula muda mwingi mwanzoni. Somo zuri la kuuza ni la dakika sita mpaka nane na linatoa matokeo mamoja, kwa mfano "jumla ya mauzo ya saruji kwa mwezi", basi. Ukijaribu kuweka SUMIFS na VLOOKUP kwenye video moja ya dakika 25 mtu anaangalia nusu halafu anaiacha mpaka leo. Sasa dakika nane hizo, ukihesabu kuandaa faili la mazoezi, kurekodi, kurudia pale ulipojikwaa na kuediti, mtu anayeanza asitegemee chini ya saa tatu. Programu sio gharama, OBS Studio ni ya bure na inarekodi skrini vizuri. Sauti ndo inayosumbua, rekodi kwenye chumba chenye pazia na godoro, tumia maiki ya earphone, zima feni, na rekodi dakika moja ujisikilize kabla hujaendelea na nyingine saba.

Kitu kimoja kinasahaulika sana: wengi wa wanunuzi wako wataangalia kwenye simu huku laptopu iko pembeni wanafuatisha. Kwa hiyo shika Ctrl uzungushe kile kigurudumu cha mausi mpaka Excel ifike asilimia 160 au zaidi, na jedwali lako liwe na kolamu tano au sita sio 14. Kabla hujaanza kuuza, jitumie video mwenyewe uiangalie kwenye simu ndogo, kama inabidi ukunje macho kusoma namba basi hiyo video haijawa tayari.

Darasa la onlaini linaanza haraka zaidi. Unahitaji faili la mazoezi, mpangilio wa masomo, na tangazo lenye tarehe, na unaweza kutangaza leo ukaanza wiki ijayo bila kurekodi chochote. Ila lazima ujue mipaka ya bure: Zoom ya bure inakata mkutano dakika 40, Google Meet ya bure inakata dakika 60 mkiwa watatu na kuendelea. Watu wanalazimisha darasa la saa moja na nusu halafu linakatika katikati ya VLOOKUP, nusu ya watu hawarudi. Panga somo la dakika 50 kwenye Meet, mara sita, hapo hulipii kitu na kichwa cha mtu aliyetoka kazini saa 12 jioni hakiwezi kubeba zaidi ya hapo hata kama ungekuwa na muda.

Halafu bando. Zoom wenyewe wanakadiria kwamba kushea skrini tupu bila picha za watu kunahitaji kama kbps 50 mpaka 75, wakati video ya kundi inaanzia kwenye kbps 600. Piga hesabu kwa dakika 40, ya kwanza haifiki MB 25 na ya pili ni MB 180 kwenda juu. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya darasa ni kamera zote zizimwe, na ya kwako pia, jionyeshe dakika moja mwanzoni watu wakujue halafu zima. Ukiandika kwenye tangazo kwamba somo halimalizi bando, utashangaa wangapi watakuuliza vizuri badala ya kupita tu.

Darasa la chumbani lina kazi kidogo kichwani lakini hela inatoka mfukoni kwako mapema. Chumba kinataka kulipiwa, projekta inakodishwa, na lazima uende mwenyewe siku mbili kabla ukaangalie soketi ziko ngapi, sababu watu kumi na laptopu zenye betri zilizochoka kwenye chumba chenye soketi mbili hilo sio darasa. Uliza na habari ya jenereta. Bebeni ekstensheni.

Hela ukigawa kwa saa

Hizi namba ni za mfano, weka za kwako, ila zitakuonyesha kila njia inavyopumua.

Tuseme seti ya video sita unaiuza 15,000. Ukipata wanunuzi 30 ni 450,000. Saa zako ni 18 za kutengeneza, halafu kila mnunuzi atakuandikia meseji tu, tuweke dakika 20 kwa kila mmoja, hizo ni saa 10. Jumla saa 28, kama 16,000 kwa saa. Mwezi unaofuata ukipata tena 30, zile saa 18 hazipo, unabaki na saa 10 za kujibu maswali, inakuwa 45,000 kwa saa. Hapo ndo video zinapowavutia watu, na ni kweli kabisa. Lakini angalia hiyo namba 30. Watu 30 wapya kila mwezi wanatoka wapi? Kama huna grupu, huna ukurasa wenye watu, hujulikani nje ya ofisi yako, unaweza kuuza nane mwezi wa kwanza kwa marafiki na wawili mwezi wa pili.

Darasa la onlaini, watu 12 kwa 40,000 kila mmoja, ni 480,000. Saa tano za kufundisha, nne za maandalizi, tatu za kukumbushana na kujibu kwenye grupu, na kusahihisha mazoezi dakika 10 kwa kila mtu kwa kila somo, ambayo ni saa 12. Jumla 24, yaani 20,000 kwa saa. Raundi ya pili maandalizi yanashuka mpaka labda saa moja, unafika kama 23,000 kwa saa na hapo ndo unasimama. Haipandi tena, sababu kila raundi unakuwepo mwenyewe. Ila watu 12 ni idadi unayoweza kuipata kwa kuwaambia watu unaowajua na watu wanaowajua wao, bila tangazo la kulipia.

Unaona hizo saa 12 za kusahihisha? Wengi wanaziacha nje ya hesabu, wanapanga bei kwa saa tano za kufundisha, wanasema nitachaji 10,000 watu wajae. Wanajaa kweli, 40, halafu mwalimu anashindwa kusahihisha, kufika somo la tatu watu wanaanza kupotea kimya kimya. Bei ya darasa la kundi ibebe kusahihisha, na kama hutaki kusahihisha basi njia yako ni video, uza video kwa bei ya video.

Chumbani, watu 10 kwa 60,000, Jumamosi mbili za saa tano tano. Inaingia 600,000. Inatoka: chumba 50,000 mara mbili, projekta 30,000 mara mbili, kuchapa makaratasi 30,000, chai na vitafunwa 2,500 kwa kila mtu kwa siku, ambayo ni 50,000. Jumla 240,000. Unabaki na 360,000, na saa zako ni 10 za darasa, nne za njiani na nne za maandalizi, hizo 18, yaani 20,000 kwa saa. Inalingana na darasa la onlaini la kwanza, lakini kuna hatari ambayo onlaini haina: 240,000 ni ada ya watu wanne. Wakija wanne umefundisha bure, wakija watatu umewalipia wewe. Chai na makaratasi unaweza kupunguza wakiwa wachache, chumba na projekta hapana. Kwa hiyo usilipie chumba mpaka watu watano wawe wameshalipa, sio wamesema watakuja.

Mwanafunzi akikwama

Hapa ndo nataka tukae kidogo, sababu mtu mzuri wa kueleza mara nyingi anadhani kipaji chake ni maneno. Nusu ya hicho kipaji ni jicho. Unamwangalia mwenzako skrini yake sekunde tano unajua tatizo liko wapi, halafu ndo maneno yanakuja. Kila njia kati ya hizi tatu inakupa jicho kwa kiwango tofauti.

Chukua kitu kinachotokea karibu kila darasa. Umefundisha fomula ya kujumlisha mauzo ya saruji, jina la bidhaa liko kolamu B na kiasi kiko kolamu D:

```
=SUMIFS(D2:D200,B2:B200,"Saruji")
```

Kwako inatoa jibu. Kwa mwanafunzi inatoa 0. Haitoi kosa lolote, ni sifuri tu, na fomula ameiandika herufi kwa herufi kama yako. Shida ni kwamba yeye kwenye kolamu D ameandika 15,000/= na 32,000/= kama tunavyoandika kwenye risiti miaka yote. Excel ikiona hiyo alama ya /= mwishoni inachukua kitu kizima kama maandishi, na maandishi hayajumlishwi. Dalili iko wazi ukijua pa kuangalia: namba za kweli zinajipanga upande wa kulia wa seli, maandishi yanajipanga kushoto. Za kwake zote ziko kushoto. Dawa ni kuchagua kolamu D, kubonyeza Ctrl+H, juu unaandika /= na chini unaacha wazi, Replace All, namba zote zinahamia kulia na jibu linatokea hapo hapo.

Kama bado jibu linapungua, kuna mwenzake: mtu ameandika "Saruji" na nafasi moja nyuma yake kwenye baadhi ya mistari. Macho hayaoni, ila kwa Excel hizo ni bidhaa mbili. Kwenye kolamu tupu andika =LEN(B2) uishushe mpaka chini, mstari wa Saruji unaotoa 7 badala ya 6 una nafasi iliyozidi, hapo umeshaijua.

Chumbani unapita nyuma ya kiti chake, unaona namba ziko kushoto, unamaliza kwa nusu dakika, na wengine tisa wanasikia wanaanza kuangalia za kwao. Hakuna njia inayoshinda hiyo kwa mtu anayeanza kabisa, hasa yule ambaye hata Ctrl hajui iko wapi.

Onlaini unamwambia shea skrini yako, dakika moja inaenda kwenye kutafuta kitufe, lakini ukishaona umeona, na wote 12 wanaona pia. Ila lazima aongee. Kwenye laivu mtu aliyekwama ananyamaza, anazima maiki, anaendelea kuangalia kama sinema, na wewe huna namna ya kujua. Ndo maana yale mazoezi ya kutuma faili baada ya somo ni muhimu, faili halinyamazi. Mimi ningependekeza kila somo uchague watu wawili washee skrini, waambie mapema kabisa kwenye grupu ni zamu ya nani ili asijisikie ameviziwa.

Kwenye video mtu anapata sifuri saa tano usiku, peke yake. Anarudia video mara tatu, anaona ameandika sawa sawa, anakutumia meseji "hii fomula haifanyi". Hapo huna jicho kabisa. Unaweza kulirudisha kidogo kwa njia mbili. Ya kwanza, weka makosa ndani ya somo: faili la mazoezi unalotuma na video liwe na mistari mitano yenye /= makusudi, na dakika ya pili ya video uonyeshe sifuri ikitokea na jinsi ya kuitoa. Ya pili, kwenye maelezo ya mwanzo kabisa sema swali lije na skrini shoti yenye fomula na kolamu zote zikionekana, bila hiyo mtazungushana meseji 20.

Video ina shida nyingine ambayo madarasa hayana, kompyuta za wanafunzi hazifanani na yako na huwezi kubadilisha kilichorekodiwa. Ukifundisha XLOOKUP kwa Excel mpya, mtu mwenye Excel 2016 au 2019 ataandika hiyo hiyo apate `#NAME?`, sababu kwake haipo. Kwa laivu unaona, unamwambia wewe tumia VLOOKUP, mnaendelea. Kwa video umeshauza. Kwa hiyo ukichagua video, fundisha vitu vilivyopo kwenye matoleo ya zamani, na sema mapema kabisa kwenye tangazo unatumia toleo gani.

Lakini tuwe wakweli pia upande wa pili, video ina nguvu ambayo laivu haina, kurudia. Karani anayefanya ripoti ya mwezi mara moja kwa mwezi atasahau PivotTable kila mwezi. Mwenye video ya dakika saba anaifungua tarehe 30, anafuatisha, anamaliza. Aliyehudhuria darasa zuri sana mwezi wa tatu, mwezi wa sita anakupigia simu.

Kulipwa, na somo kuvuja

Kwa video na darasa la onlaini hela inakuja kwa M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas na mingine, na ukishakuwa na wateja wa kueleweka chukua Lipa Namba inasaidia kutenganisha hela ya masomo na hela ya nyumbani. Usifungulie mtu kwa skrini shoti ya muamala wala meseji aliyokufowadia, zinatengenezwa, angalia salio lako mwenyewe kwanza.

Darasa lina shida ya "nitalipa mshahara ukitoka". Suluhisho sio kugombana na watu, ni kalenda. Darasa lianze wiki ya kwanza ya mwezi, na tangazo litoke wiki moja kabla. Januari ukiweza iache, ada za shule zimeshakula kila kitu. Weka nafasi ya kulipa mara mbili kama unataka, ila nusu ya pili iingie kabla ya somo la tatu.

Video zinavuja, lipokee hilo kabla hujaanza ili lisikuvunje moyo. Ukituma kwenye WhatsApp zinafowadiwa siku hiyo hiyo. Ukiweka YouTube kwa "Unlisted" yeyote mwenye linki anaona. Google Drive ni afadhali, unamfungulia mtu kwa Gmail yake na unazima kudownlodi. Chaneli binafsi ya Telegram ina sehemu ya kuzuia watu kuhifadhi na kufowadi, na kwa wateja wetu Telegram ni rahisi kuliko habari za Gmail ambazo nusu ya watu wamesahau nywila. Bado mtu anaweza kurekodi kwa simu ya pili, hakuna kufuli la hapo. Kinachosaidia zaidi ni kuuza video pamoja na kitu kisichovuja, yaani haki ya kuuliza. Mwenye video ya kupewa hana pa kuuliza, na ile sifuri itamkuta tu.

Darasa halivuji hivyo. Ukirekodi kipindi uwape waliolipa wakirudie, sawa, hata kikivuja kile kipindi kina maswali ya watu na kelele za watoto, mtu akikiona anataka kuingia la kwake.

Nani anafaa wapi

Video zinamfaa mwenye watu tayari, labda una grupu la wahasibu lenye watu mia kadhaa, au ukurasa unaojibu maswali ya Excel watu wameshakuzoea. Zinamfaa pia mwenye ratiba mbovu, nesi wa zamu, mtu anayesafiri na kazi, mama mwenye mtoto mdogo ambaye saa mbili usiku hawezi kuahidi kukaa kimya kwenye Meet. Na anayependa kurudia kitu mpaka kinyooke.

Darasa la onlaini linamfaa anayechangamka akiulizwa, yule ambaye maelezo yake yanakuwa mazuri zaidi mtu akisema sijaelewa. Kama ukiongea peke yako kwenye maiki sauti inakuwa kama unasoma taarifa ya habari, usijilazimishe video kwanza. Linafaa pia kama wanafunzi wako wametawanyika, mmoja Mwanza, mmoja Mbeya, mmoja yuko Muscat anataka kusimamia hesabu za duka lake la nyumbani. Huyo wa Muscat yuko mbele yetu saa moja, mweke kwenye hesabu ya muda.

Chumbani ni kwa mwenye wanafunzi wa eneo moja, na wanaoanza chini kabisa. Na kwa anayeuza kwa ofisi badala ya mtu mmoja mmoja. Ofisi yenye makarani wanane ina chumba chake, ina projekta, ina umeme, zile gharama 160,000 za chumba na projekta zinaondoka zote na mlipaji ni mmoja.

Kwa hali yako

Hujulikani na huna mtaji: anza na darasa la onlaini la watu sita mpaka 12, Google Meet, masomo sita ya dakika 50. Hata wakija sita kwa 40,000 ni 240,000 na hujatoa kitu zaidi ya bando. Andika kwenye daftari kila swali linaloulizwa, pembeni weka alama kila likirudi.

Umeshafundisha raundi mbili au tatu na umechoka kurudia: fungua lile daftari, maswali yaliyojirudia raundi zote ndo video zako. Hapo huhitaji kubuni masomo, na unajua kabisa mtu atakwama wapi. Rekodi tatu kwanza, ziuze kwa waliohitimu darasa, wao ndo wanajua wanachosahau.

Una wafuasi wengi lakini huna muda: video, bei ya chini, maswali siku moja kwa wiki kwa saa maalum. Sema hiyo saa kwenye tangazo, la sivyo utajibu meseji mpaka saa saba usiku.

Una mwajiri ambaye hataki ufanye kazi ya pembeni saa za kazi: darasa la Jumamosi au video, laivu za saa 12 jioni zitakugonganisha na kikao kila mara. Na faili za mazoezi zitengeneze upya kabisa kwa bidhaa na bei za kubuni, usichukue jedwali la ofisini ukabadilisha majina, namba za mauzo ya kampuni zinatambulika na wanaozijua.

Unahitaji hela mwezi huu huu, kodi inakaribia: usianze kurekodi. Ongea na ofisi mbili tatu unazozijua, waambie Jumamosi moja saa tano, makarani wao, kwenye chumba chao, na omba wakuonyeshe ripoti moja ya mwezi inayowatesa. Ukiishika hiyo ripoti mkononi utajua ufundishe nini, na bei yake utaipanga kwa kazi hiyo moja, sio kwa masomo sita.